Kirungu: anayelipa taslimu ndiye anayelipia deni la mwenye kuchelewa

KIRUNGU, Moba. – Katika depo nyingi za mji huu, juu ya meza ya mwenye duka, kuna maneno ambayo kila Mkongomani anayajua: Mkopo amekufa, wenye kulipa vibaya ndio waliomuua. Wengine wameyaandika kwa rangi ukutani, wengine wamechora kabisa picha ya marehemu ndani ya sanduku lake. Chini ya maneno hayo, juu ya meza ile ile, kuna daftari nene la madeni, kurasa zake zimejaa hadi jalada la nyuma. Marehemu anaendelea kula kila siku.

Wenye depo wa Kirungu wanalia. Wanasema biashara imekufa kwa sababu watu hawalipi. Wanasema wenye butike za vijijini ni wezi, wafanyakazi wa Leta ni waongo, na wahamishwa wa vita wameleta umaskini mjini. Katika malalamiko hayo kuna ukweli kidogo na kuna uongo mwingi. Uongo mkubwa kuliko wote ni ule wa kuwataja wahamishwa. Mama aliyekimbia kijiji chake tangu machafuko ya 2016 na 2017 katika jimbo la Tanganyika haandikwi katika daftari la depo. Hakuna anayemjua vya kutosha kumwandika. Ananunua chumvi kwa kikopo, mafuta kwa kipimo kidogo, sabuni kwa kipande, na anatoa pesa mkononi kabla ya kupokea kitu. Ni yeye anayelipa taslimu. Na kama hesabu itakavyoonyesha, ni yeye pia anayelipia deni la watu waliomzidi kwa kila kitu.

Ukweli mdogo ni huu: wadaiwa wanachelewa. Lakini depo nyingi za hapa hazikuuawa na wadaiwa waliokimbia. Zinakufa na wadaiwa wanaolipa, tena wanaolipa mpaka franga ya mwisho, ila wanalipa katika siku ambazo mwenye depo hakuzihesabu. Anajua kuhesabu mifuko, anajua kuhesabu faida ya kila mfuko, lakini siku hazihesabu. Na biashara ya jumla ni biashara ya siku.

Chukua depo moja ya mfano, ya kawaida kwa mji kama huu: sukari, chumvi, unga wa ngano, sabuni, mafuta, biskuti, betri, sahani. Namba zimefanywa nyepesi ili kila mtu afuate. Mwenye depo ana mtaji wake wa dola 8,000. Kila siku anatoa mzigo uliomgharimu dola 200, akiupata Kalemie na kuulipia chombo na wabebaji. Anauuza kwa dola 220. Kwa mwezi wa siku 30 anabakiwa na dola 600. Anatoa kodi ya nyumba, mshahara wa karani, mlinzi, ushuru na makaratasi, jumla dola 400. Inabaki dola 200 ya kulisha watoto na kulipa shule. Ni faida ndogo, lakini ni faida.

Sasa zije siku. Mzigo unakaa ndani ya depo kwa wastani siku 30 kabla ya kutoka. Ukishatoka, pesa yake inakaa kwa wateja siku 20, kwa sababu baadhi wanalipa papo hapo na wengine wanalipa baada ya mwezi na zaidi. Msambazaji wa Kalemie, kwa upande wake, anamvumilia siku 10 kabla ya kudai. Kwa hiyo tangu dola moja inapotoka mfukoni mwake mpaka irudi, zinapita siku 30 kujumlisha 20, kutoa 10, yaani siku 40. Kila siku anahitaji dola 200 za mzigo. Siku 40 mara dola 200 ni dola 8,000. Mtaji wake unatosha kabisa, bila hata makuta moja ya ziada. Depo inasimama.

Halafu unakuja msimu mbaya. Mishahara ya walimu inachelewa. Wenye butike wa vijijini wanasema watu wanangoja mavuno. Mwenye depo ni mtu wa watu, anaandika. Hakuna anayekataa kulipa, wanasogeza tu: Jumatatu inakuwa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi unakuwa mwezi ujao. Siku 20 za deni zinakuwa 45. Siku za mzunguko zinapanda kutoka 40 hadi 65. Ili aendelee kutoa mzigo wa dola 200 kila siku, sasa anahitaji dola 13,000. Anazo 8,000. Pengo ni dola 5,000, na faida yake ni dola 200 kwa mwezi. Angeweka akiba faida yote, bila kula, bila kuvaa, ingemchukua miezi 25 kuziba pengo lililofunguka katika miezi miwili.

Haweki akiba, bila shaka. Anafanya kinachowezekana: ananunua mzigo mdogo zaidi. Dola 8,000 zikigawanywa kwa siku 65 zinampa karibu dola 123 kwa siku badala ya 200. Faida ya mwezi kabla ya gharama inashuka kutoka dola 600 hadi karibu 370. Lakini mwenye nyumba hapunguzi kodi, karani hapunguziwi mshahara, ushuru haupungui. Gharama ni zile zile dola 400. Depo iliyokuwa na faida ya dola 200 sasa inakula hasara ya dola 30 kila mwezi.

Hakuna hata mdaiwa mmoja katika mfano huu aliyekimbia. Wote wamelipa. Daftari likifungwa mwisho wa mwaka, litaonyesha kwamba kila mfuko uliuzwa kwa faida. Na depo inakufa. Ndiyo maana mwenye depo anashangaa, anatafuta mchawi, anamfukuza karani kwa kumshuku wizi. Mwizi ni zile siku 25.

Yanayofuata yanajulikana Kirungu nzima. Kuna anayekwenda kwa Banki Lamberi, wale wakopeshaji wa mtaani wanaoshika hati ya kiwanja na kudai riba kwa mwezi, si kwa mwaka. Kwa depo hii ya mfano, kukopa dola 1,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni kutoa dola 200 kila mwezi, yaani faida yote ya siku njema. Wa pili anaacha kumlipa msambazaji wa Kalemie kwa wakati, naye msambazaji anafunga mkono: mzigo ujao ni taslimu tu. Hapo zile siku 10 za kuvumiliwa zinapotea na pengo linazidi kukua.

Wa tatu, na hawa ndio wengi, anapandisha bei. Ili apate tena dola 200 zake kwa mzigo mdogo wa dola 123 kwa siku, kitu kilichomgharimu dola 100, alichokuwa akiuza 110, lazima akiuze karibu 116. Nani atatoa hizo dola 6? Mdaiwa mkubwa hatoi chochote leo, yeye anaandika tu, na akija kulipa ataomba apunguziwe kwa sababu ni mteja wa zamani. Atakayetoa ni yule anayelipa taslimu. Mwenye butike mdogo wa karibu na wahamishwa, ambaye hana jina la kuandikwa, anatoa 116, kisha anagawa mfuko kwa vikopo na kuongeza chake. Mama anayeishi chini ya turubai, mwenye franga za kibarua cha shamba, anapokea kikopo kilichopungua. Ametoa riba ya deni ambalo hakukopa, kwa ajili ya mtu mwenye nyumba ya bati.

Hilo ndilo jambo ambalo halisemwi. Mkopo wa depo unaitwa huruma. Wenye depo wanajisifu kanisani kwamba wanasaidia watu. Lakini mkopo usio na siku unachukua kutoka kwa mnyonge asiyeandikwa na kumpa mwenye jina anayeandikwa. Kama ni huruma, ni huruma ya ajabu.

Ubaya wake unaonekana wazi zaidi siku ambayo familia za wahamishwa zinagawiwa pesa ya msaada. Siku hiyo watu wengi wanakuja sokoni kwa wakati mmoja wakiwa na pesa mkononi, na kila mwenye depo alijua siku inakuja. Depo yenye pesa ingekuwa imejaza unga, chumvi na mafuta wiki moja kabla. Lakini pesa ya depo iko ndani ya daftari. Mzigo ni haba, bei inapanda saa tatu asubuhi, na ifikapo jioni sehemu ya msaada imeyeyuka. Kesho yake watu wanalaumu wafanyabiashara kwamba ni wakatili, na wafanyabiashara wanalaumu ziwa kwamba lilichelewesha mzigo. Hakuna anayefungua daftari.

Ziwa, ni kweli, linachelewesha. Kirungu iko juu ya mlima na bandari iko chini, Moba-Port. Mzigo unatoka Kalemie kwa chombo, na nyuma ya Kalemie kuna Kigoma, kama vile upande wa kusini kuna Mpulungu ya Zambia. Upepo wa kiangazi ukichafuka, chombo kinangoja. Kisha kuna kupakua, kuna kupanda mlima. Siku hizo za njiani nazo ni siku za mtaji: pesa imeshatoka na mfuko haujafika. Lakini upepo hakuna anayeweza kuubadili. Daftari linaweza kubadilishwa leo.

Kuna hesabu ya pili ambayo wenye depo wanaikosea, nayo ni ya kujua ni mzigo gani unaoleta faida. Mwenye depo akiulizwa, ataonyesha kile chenye faida kubwa kwa kila kipande. Linganisha. Mfuko wa sukari unamgharimu dola 50 na unamletea faida ya dola 2 tu. Katoni ya sahani za bati inamgharimu dola 50 na inamletea dola 15. Kwa macho, sahani zimeshinda. Lakini mfuko wa sukari unakaa siku 7 ndani ya depo, na kuleta mwingine kunachukua siku 5. Jumla siku 12. Sahani zinakaa miezi sita. Katika siku 180, dola 50 zilizo ndani ya sukari, ikiuzwa taslimu, zinazunguka mara 15 na kuleta dola 30. Dola 50 zilizo ndani ya sahani zimezunguka mara moja na kuleta 15. Sukari yenye faida ndogo imeshinda mara mbili.

Sasa mpe mteja sukari ile ile kwa deni la siku 60. Siku 12 zinakuwa 72. Katika miezi sita dola 50 zinazunguka mara mbili na nusu tu na kuleta dola 5. Mzigo uliokuwa mwepesi kuliko yote umekuwa mzito kuliko sahani zenye vumbi. Deni limeugeuza. Na mteja asipolipa kabisa, dola 50 zimepotea, na kwa faida ya dola 2 kwa mfuko, lazima mifuko mingine 25 iuzwe na kulipwa ili kurudisha ule mmoja tu.

Kwa hiyo kosa la depo nyingi hapa ni la kinyume. Zinakopesha kile kinachotoka haraka, sukari, unga, chumvi na mafuta, kwa sababu ndicho wateja wanachoomba. Pesa ya vitu hivyo inakwama nje. Ikikwama, mwenye depo hawezi kuvileta tena, na kinachobaki ndani ya depo ni sahani, betri zilizozeeka na biskuti zinazokaribia tarehe. Mtu anayepita njiani anaona depo imejaa mpaka darini na kudhani humo kuna tajiri. Ndani kuna mtu asiye na pesa ya kununua mfuko mmoja wa chumvi. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho: depo ikianza kukosa vitu vinavyokwenda haraka huku vile vizito vimejaa, ugonjwa umeshaingia.

Wenye depo watajibu, na jibu lao linastahili kusikilizwa. Watasema: bila mkopo hakuna biashara Kirungu. Mwenye butike wa kijiji hana mtaji. Ukimnyima, anavuka barabara kwenda depo nyingine. Na mteja akija na msiba au mtoto mgonjwa, nani atamwambia hapana? Tena depo yenyewe inaishi kwa mkopo wa Kalemie.

Yote ni kweli, na hakuna mtu mwenye akili anayesema mkopo ukatwe wote. Swali ni la siku. Mwenye butike anayechukua mfuko wa sukari anauuza kwa vikopo, na anauuza taslimu. Butike ya kijiji chenye watu inaumaliza kwa wiki moja au siku kumi. Baada ya siku kumi pesa yote ya mfuko ule, na faida yake, iko mkononi mwake. Basi kwa nini anadaiwa siku 60? Siku 50 zilizobaki hangoji pesa ya mtu yeyote. Pesa alishaipata. Amenunulia kinga, au mahindi ya kupeleka Kalemie, au amekwenda nayo kwenye depo nyingine kununua taslimu kwa bei nzuri, huku depo ya kwanza akiiambia watu hawana pesa. Anafanya biashara na mtaji wa mwingine, bila riba, bila dhamana, na anaitwa mteja mwema.

Kutoka hapo inakuja kanuni moja ambayo ingeokoa depo nyingi kuliko maombi na waganga: muda wa deni usizidi muda wa mzigo kuisha mkononi mwa mteja. Sukari na chumvi, siku 10, na kijiji cha mbali siku 15 kwa ajili ya njia. Sabuni, wiki mbili au tatu. Sahani na betri, hizo ndizo za kukopesha kwa mwezi au miwili, kwa sababu zinakaa hata hivyo. Afadhali zikae kwa mteja kuliko darini. Na mzigo mpya unatoka mzigo wa zamani ukishalipwa wote. Si nusu. Anayelipa dola 20 za deni la dola 100 kisha kuchukua mzigo wa dola 80 hajalipa kitu, ameongeza deni hadi 160 na kuondoka akisifiwa kwamba analipa. Huyo ndiye mteja wa hatari kuliko anayetoroka, kwa sababu anayetoroka hurudi kukopa mara chache.

Mfanyakazi mwenye mshahara ni hesabu nyingine. Yeye hauzi sukari, anaila. Pesa yake haitoki kwenye mzigo bali kwenye mshahara, na mshahara wa Leta katika territoire za mbali una tabia zake. Basi deni lake lipimwe kwa mshahara: lisipite kile anachoweza kutoa siku moja ya malipo bila kukwepa njia inayopita mbele ya depo. Na kazi hiyo ya kukopesha walaji ni ya butike, si ya depo. Depo inayokopesha mfuko mzima kwa mlaji imemwachia mtu mmoja mzigo wa watu hamsini.

Wa tatu ni wenye makaratasi: shule, vituo, wenye miradi wanaoleta barua ya kuagiza yenye muhuri na kulipa baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi wao wanalipa kweli. Lakini agizo la dola 3,000 litakalolipwa siku ya 90 ni zaidi ya theluthi moja ya mtaji wa depo yetu ya mfano, limefungwa msimu mzima. Mwenye depo anafurahia muhuri na kusahau kwamba muhuri haununui chumvi. Atake sehemu kabla, angalau theluthi moja, au azungumze na msambazaji wake wa Kalemie kwanza ili naye angoje. Msambazaji akikataa kungoja siku 90, amemfundisha kitu: hata mwenye pesa nyingi kuliko yeye anaogopa siku hizo.

Bei nayo lazima iseme ukweli. Depo nyingi zina bei moja kwa anayelipa na anayeandika. Hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Bei ziwe mbili, ubaoni, kwa maandishi makubwa: taslimu bei hii, siku 15 bei ile. Mfuko wa sukari uwe dola 52 taslimu na 53 kwa siku 15. Dola moja hiyo ndiyo kodi ya siku, na anailipa aliyezitumia. Mwenye butike mdogo asiyeandikwa atapata mfuko kwa bei ya chini, na kikopo cha yule mama kitajaa kidogo. Mteja mkubwa atanung'unika. Aachwe anung'unike, akiona dola moja inamtoka kila mfuko, ataanza mwenyewe kutoa pesa mapema.

Deni liandikwe kwa pesa ile ambayo depo inalipia mzigo. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Aliyeandika deni la franga 93,000, yaani dola 100, na kulipwa baada ya safari hiyo yote, alipokea chini ya dola 60. Mdaiwa alilipa kila franga, na depo ilipoteza zaidi ya dola 40. Mwaka 2025 mambo yaligeuka, franga ikapanda, na wenye madeni ya franga wakafurahi. Lakini depo haikufunguliwa kubahatisha franga. Msambazaji akidai dola, daftari liseme dola.

Na daftari lenyewe liache kuwa orodha ya majina. Jumamosi jioni, kabla ya kufunga, madeni yapangwe kwa umri: ya chini ya siku 15, ya siku 15 hadi 30, ya 30 hadi 60, na yaliyopita 60. Ni kazi ya saa moja na kalamu. Kisha madeni yote yajumlishwe na kugawanywa kwa mauzo ya siku moja. Jibu ni siku ambazo pesa inalala nje. Likiwa 20 wiki hii, 22 wiki ijayo, 25 ile ya tatu, mwenye depo ameonywa miezi miwili kabla ya kilio. Mzigo uliomo ndani upigiwe hesabu vivyo hivyo. Namba mbili tu, kila Jumamosi.

Kila deni liwe na karatasi yenye tarehe ya kulipa na sahihi ya mdaiwa au kidole chake. Kongo iko ndani ya sheria za OHADA tangu Septemba 2012, na sheria hizo zinasema dai la mauzo kati ya wafanyabiashara linazeeka baada ya miaka miwili tangu siku lilipopaswa kulipwa. Mdaiwa akikiri deni lake, muda unaanza upya. Kuna madeni katika madaftari ya mji huu yaliyokwisha kufa kisheria, na wenyewe bado wanayahesabu kama mali.

Yapo yasiyotibika kwa kanuni hizi. Vita ikiingia kijijini, mwenye butike anakimbia na yeye anakuwa mhamishwa, na hakuna karatasi itakayomlipa. Mwaka 2025, baada ya Bukavu kutekwa mwezi wa Februari, watu walifika Kalemie kwa mitumbwi wakiwa na nguo za mwilini, na miongoni mwao walikuwemo waliokuwa na maduka. Ndiyo sababu deni la siku 10 ni bora kuliko la siku 60 katika nchi kama hii: siku ya mabaya ikifika, kilichoko nje ni kidogo. Mwenye depo asimweke mteja mmoja katika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya madeni yake yote, hata akiwa shemeji yake.

Na kuhusu msiba na mtoto mgonjwa, wazee wa hapa walikuwa na adabu ambayo imesahauliwa. Ukitaka kumsaidia mtu, mpe. Toa kilo mbili za sukari kwenye matanga, sema ni zawadi, ziandike kwenye gharama za nyumba na uzisahau. Zawadi ina mwisho. Deni lililotolewa kwa aibu halina mwisho: mdaiwa anaanza kukwepa njia ya depo, undugu unavunjika, na pesa pia haipo.

Basi ule ubao wa Mkopo amekufa ushushwe. Mahali pake uwekwe ubao wa bei mbili, na chini yake idadi ya siku. Kisha mwenye depo atakayesema tena kwamba wahamishwa ndio walioleta umaskini Kirungu, afungue daftari mbele ya watu na kuonyesha jina moja, moja tu, la mama wa kambini.